Kwa nini jani ni la kijani?

Mtoto akiuliza kwa nini jani ni la kijani, wengi wetu humjibu kwamba lina umbijani, yaani klorofili. Jibu ni sahihi, ila bado halijaeleza kitu. Mtoto amepewa jina jipya tu, na mwenye akili atauliza tena: na hiyo umbijani, kwa nini ni ya kijani?

Ni afadhali kuanzia kwenye mwanga. Mwanga wa jua tunaouona mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Geuza sidii ya zamani juani, upande unaong'aa, na mtoto atauona mchanganyiko huo umetawanyika: nyekundu, machungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau. Rangi hizi zote hulifikia jani kwa pamoja.

Sasa mwambie jani lina njaa. Mmea hutengeneza sukari kwa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, na kazi hiyo inahitaji nishati, ambayo umbijani huichota kwenye mwanga. Lakini umbijani huchagua. Hufyonza sana buluu na nyekundu, na kijani huifyonza kwa udhaifu. Ni kama mgeni aliyeandaliwa sinia, akala nyama na viazi, kisha akasaza mboga: ukitazama sinia baada yake, unachokiona ni kile alichokiacha. Kijani ni masazo ya jani. Sehemu ya masazo hayo huakisiwa, yaani hurudishwa nje na kuingia machoni mwetu, na sehemu nyingine hupenya hadi upande wa pili. Ndiyo maana ukiliinua jani na kulitazama dhidi ya jua, bado ni la kijani.

Hapa watu wazima wengi huzidisha chumvi na kusema jani hurudisha kijani yote. Sivyo. Katika kila sehemu 100 za mwanga wa kijani zinazolifikia jani la kawaida, takriban 10 tu ndizo huakisiwa, nyingine kama hizo hupenya, na zilizobaki hunaswa ndani. Mwanga ukishaingia hugongwagongwa huku na huko baina ya seli, na kila mzunguko kijani kidogo hufyonzwa. Buluu na nyekundu huakisiwa kama sehemu 5 hivi. Tofauti ni ndogo, lakini jicho la binadamu huhisi mwanga wa kijani kwa wepesi kuliko rangi nyingine, kwa hiyo hiyo ziada inatosha kabisa.

Mtoto hapaswi kuyaamini haya kwa sababu tu mtu mzima ameyasema. Usiku, ndani ya chumba chenye giza, panga mezani karatasi nyeupe, nyanya iliyoiva na jani la mchicha wa kijani. Fungua kwenye simu picha ya rangi nyekundu tupu inayojaza kioo kizima, na uongeze mng'ao. Kabla ya kuisogeza karibu, muulize mtoto: jani litaonekanaje? Wengi hutabiri kwamba litabaki kijani. Halibaki. Kwenye mwanga huo hakuna kijani ya kurudisha, na nyekundu iliyopo inamezwa, basi jani huonekana jeusi au karibu na jeusi. Nyanya, inayoakisi nyekundu, hung'aa karibu sawa na karatasi. Badilisha picha iwe ya kijani tupu na mambo hugeuka: nyanya inakuwa nyeusi, jani linapata uhai.

Jaribio likigoma, kwanza tafuta mwanga mweupe unaopenya, mara nyingi chini ya mlango au kutoka kwenye taa ya nje. Kidogo tu kinatosha kulirudishia jani rangi yake. Sababu ya pili ni jani lenyewe. Majani ya mwembe yana nta juu, na nta hurudisha rangi yoyote inayoigonga kabla haijafika kwenye umbijani, hivyo utaona mmetometo mwekundu. Mchicha na matembele havina shida hiyo.

Likifaulu, mtoto atauliza kuhusu majani ya manjano, yale ya chini kwenye mpapai. Jani linapozeeka umbijani huvunjika, na zinabaki rangi za manjano zilizokuwemo tangu mwanzo, ndugu wa ile iliyo kwenye karoti. Hizi hufyonza buluu na kuiacha nyekundu pamoja na kijani, na mbili hizo zikiingia jichoni kwa pamoja tunaona manjano. Kwa hiyo mpe jani la mpapai lililogeuka manjano kabisa, washa tena ile picha nyekundu, na mwache atabiri mwenyewe. Safari hii jani halitakuwa jeusi. Litang'aa kama nyanya.