Ripoti ya Kila Asubuhi ya Nakala Rudufu na Ukuaji wa Hifadhidata

Kampuni ndogo nyingi huendesha programu zao za mauzo na uhasibu juu ya SQL Server Express, toleo la bure la Microsoft. Toleo hilo halina SQL Server Agent, chombo ambacho katika matoleo ya kulipia hupanga kazi za usiku na kutoa taarifa zikishindikana. Pia, kuanzia toleo la 2008 R2 hadi la 2022, hifadhidata moja hairuhusiwi kuzidi GB 10. Mahali pasipo na fundi wa kudumu, mambo hayo mawili yanaweza kufuatiliwa kwa ripoti moja fupi inayomfikia mhasibu kwa barua pepe kila asubuhi.

Chanzo cha ripoti kipo tayari ndani ya seva. Kila bakapu inapokamilika, SQL Server huandika mstari mmoja katika jedwali la `backupset`, ndani ya hifadhidata ya `msdb`. Bakapu iliyoshindikana haiachi mstari wowote humo. Ripoti inayosoma jedwali hilo peke yake itaonyesha mafanikio tu, na hifadhidata ambayo haijawahi kunakiliwa haitatajwa kabisa. Ndiyo maana hesabu huanzia kwenye orodha ya hifadhidata zote zilizopo, kisha kila moja hutafutiwa bakapu yake kamili ya mwisho:

```sql
SELECT d.name, MAX(b.backup_finish_date) AS mwisho
FROM sys.databases d
LEFT JOIN msdb.dbo.backupset b
  ON b.database_name = d.name AND b.type = 'D'
WHERE d.name <> 'tempdb'
GROUP BY d.name;
```

Jina lenye `NULL` mbele yake halina bakapu kamili iliyorekodiwa. Tarehe iliyopita saa 24 na ushee maana yake kazi ya jana usiku haikukamilika.

Kazi yenyewe kwa kawaida huendeshwa na Task Scheduler ya Windows kupitia amri ya `sqlcmd`, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Bila kuongeza `-b`, `sqlcmd` hurudisha sifuri hata kama bakapu imegoma kwa sababu diski imejaa, na Task Scheduler huonyesha `0x0` kana kwamba mambo ni shwari. Dirisha hilo lisiaminiwe. Tarehe iliyo kwenye `backupset` ndiyo ya kutegemea. Na asubuhi ambayo barua pepe haikufika kabisa ihesabiwe kuwa ni asubuhi ya hitilafu, kwa kuwa seva iliyozimika haina uwezo wa kutuma malalamiko.

Jedwali hilohilo linajibu swali la ukuaji. Safu ya `backup_size` huweka ukubwa wa kila bakapu kwa baiti. Kipimo hiki ni bora kuliko ukubwa wa faili la data, kwani faili huongezeka kwa mikupuo na hubaki kubwa hata data zikifutwa, ilhali bakapu kamili huchukua takribani sehemu iliyotumika tu.

Chukua mfano wa duka la jumla la dawa lenye hifadhidata iitwayo Mauzo. Bakapu ya mwanzo wa mwezi ina MB 7,400, na kila siku inaongezeka kwa MB 20. GB 10 ni MB 10,240, hivyo zimebaki MB 2,840, sawa na siku 142. Muda wa kufuta rekodi za zamani au kununua leseni upo. Lakini ongezeko likiruka ghafla hadi MB 95 kwa siku, nafasi hiyohiyo inatosha kwa siku 30 hivi. Mruko wa namna hiyo mara nyingi una sababu inayotambulika: ankara zilizopigwa skani zimeanza kuhifadhiwa ndani ya hifadhidata, au jedwali la kumbukumbu za watumiaji halisafishwi. Anayeona tarakimu za jana na za leo pamoja atauliza siku hiyohiyo. Asiyeziona atagundua siku ankara mpya inapokataa kuingia na kosa namba `1105` kutokea, wateja wakiwa kwenye foleni.

Hata hivyo, ripoti ina mpaka wake. Mstari wa `backupset` unathibitisha kwamba bakapu iliandikwa. Haujui kama faili lilifutwa baadaye, wala kwamba limekaa kwenye diski ileile ya data. Amri ya `RESTORE VERIFYONLY` huthibitisha kwamba faili linasomeka na limekamilika, bila kuhakikisha kuwa data zilizomo ni sahihi. Kwa hiyo faili linakiliwe kila siku kwenye diski nyingine nje ya seva, na angalau mara moja kwa mwezi lirejeshwe kwenye kompyuta nyingine, kisha mhasibu aitafute humo ankara ya mwisho ya siku ile.