Volti, Wati na Umbo la Plagi: Kueleza Vyombo vya Umeme Uvira

Neno "nguvu", linapotumiwa katika kueleza vyombo vya umeme, hubeba maana mbili. Muuzaji anayeandika "pasi, nguvu 120" hamwelezi mnunuzi kama anataja volti, yaani msukumo wa umeme ambao chombo kimeundiwa, au wati, yaani kasi ambayo chombo hutumia umeme. Mjini Uvira utata huu una hatari, kwani bidhaa hutoka katika nchi zenye mifumo mbalimbali.

Uvira na Bujumbura hutumia volti 220, na kwa kawaida plagi huwa na pini mbili za mviringo. Kusini zaidi ziwani, Kigoma, umeme ni wa volti 230, nayo plagi iliyozoeleka ina pini tatu nene za pembenne, sawa na ya Dubai. Marekani hutumia volti 120 na plagi yenye pini bapa.

Tuchukue mifano miwili. Birika la volti 230 na wati 2000 lililonunuliwa Dubai na kupitia Kigoma haliingii katika soketi ya Uvira, ingawa umeme wa Uvira unalifaa. Litachemsha maji polepole kidogo tu. Pasi ya Marekani ya volti 120 na wati 1000 huingia kwa urahisi ikiwekewa adapta, kumbe ndiyo itakayoungua. Joto huongezeka kwa mraba wa volti: 220 ikigawanywa kwa 120 ni 1.83, na mraba wake ni takriban 3.36. Kwa hiyo pasi hiyo itavuta takriban wati 3360 badala ya 1000. Adapta hubadili umbo la plagi; haibadili volti.

Birika nalo lina tahadhari yake. Adapta ya pini mbili isiyo na mguso wa ardhi hukata waya wa ardhi. Waya wenye umeme ukilegea na kugusa bati la birika, anayelishika hupigwa na umeme.

Yafaa basi maelezo yafuate kibandiko cha chombo, na kila tarakimu ifuatane na kipimo chake. Kibandiko kikisomeka `100-240V 50/60Hz`, kama ilivyo kwenye chaja nyingi za simu, chombo kinakubali umeme wa nchi zote zilizotajwa. Kinachobaki ni umbo la plagi. Hilo nalo lielezwe kwa pini, si kwa jina peke yake, kwa kuwa wenye mazoea ya Kifaransa huiita plagi "fishi", na jina lolote kati ya hayo mawili halioneshi umbo.

Tangazo la birika letu lingesomeka hivi: "Birika la umeme, volti 230, hezi 50, wati 2000, plagi ya pini tatu za pembenne, yenye waya wa ardhi." Msomaji wa Uvira atajua kwamba anahitaji plagi nyingine tu, na kwamba isikose mguso wa ardhi.