Chapati Moja, Mianzo Miwili

Tuseme mwalimu wa mapishi ana video ya sekunde 40 inayoonyesha namna ya kukunja chapati ili ziwe na tabaka. Toleo la kwanza linaanza na salamu: "Habarini, karibuni tena jikoni." La pili linaanza na vidole vikichambua chapati ya moto, tabaka baada ya tabaka. Kuanzia sekunde ya 4 hakuna tofauti: picha ni zilezile, sauti ileile, hata maelezo ya chini hayakuguswa. Lipi litamfanya mtazamaji asiipite?

Wengi wangeposti la kwanza Jumatatu na la pili Ijumaa usiku, kisha wakalinganisha idadi ya waliotazama. Hapo hakuna kilichopimwa, maana siku na saa vimebadilika pamoja na mwanzo. Idadi yenyewe nayo hudanganya. Tangu Machi 31, 2025, YouTube huhesabu video fupi kila inapoanza kucheza au kujirudia, kwa hiyo hata aliyeipita papo hapo amo kwenye hesabu.

Njia ya haki ni kuonyesha matoleo yote mawili kwa wakati mmoja, kwa makundi mawili ya watu waliogawanywa kwa bahati nasibu. Vifaa vya matangazo vya Facebook na TikTok vina sehemu ya kufanya hivyo. Kisha huulizwa: kati ya walioonyeshwa, wangapi walivuka sekunde ya 3?

Kila toleo likiwafikia watu 100, salamu ikabakiza 30 na chapati 36, ni mapema kushangilia. Video ileile ikionyeshwa kwa makundi mawili ya watu 100, pengo la watu 6 hutokea mara nyingi tu, bila sababu yoyote. Lakini wakiwa 1,000 kila upande, wakabaki 300 na 360, ni nadra bahati peke yake kuleta pengo hilo. Idadi ya watu huamuliwa kabla ya kuanza. Anayechungulia kila saa na kusimamisha jaribio pale anapopapenda, anajichagulia jibu.

Na waliobaki walifika wapi? Ikiwa 150 wa salamu walimaliza video, na wa chapati wakamaliza 120 tu, basi mwanzo wa kuvutia uliwaita watu ambao somo lenyewe halikuwashika.

Kuna mtego mwingine, ambao watafiti wa Marekani Michael Braun na Eric Schwartz wameueleza. Hata baada ya kugawanya watu kwa bahati nasibu, mfumo wa matangazo hutafuta ndani ya kila kundi wale unaodhani watalipenda toleo husika. Salamu inaweza kupelekwa zaidi kwa kina mama, chapati kwa vijana. Kwa hiyo kabla ya kutangaza mshindi, mwalimu hufungua takwimu za umri, jinsia na mahali kwa kila toleo. Zikipishana sana, pengo lile la watu 60 huenda limetokana na walioonyeshwa, wala si sekunde tatu za mwanzo.