Jina Jipya, Pini Ile Ile

Shilingi elfu tisa haziwezi kununua shamba, lakini ukishajua kwamba KRA inakudai uzipokee, unaanza kuzipangia kazi. Tuseme anayezisubiri anaitwa Rehema, mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa. Mwaka wote wa 2024 alikuwa Rehema Wakio Mwadime, jina alilotoka nalo kwao Voi. Aprili 2025 akaolewa. Mei akapata kitambulisho kipya kinachosema Rehema Wakio Tsuma, na wiki hiyo hiyo akaenda benki wakambadilishia jina la akaunti. Juni akajaza ritani ya mwaka 2024, akaona chini kabisa kwamba anarudishiwa pesa, akafurahi. Desemba inafika, akaunti iko vilevile.

Hakuna aliyemnyima. Kilichotokea ni kwamba kuna mlango mmoja hakuupitia. Alitoka ofisi ya vitambulisho akaenda moja kwa moja benki, akairuka KRA. Cheti chake cha pini bado kinasema Mwadime, na akaunti anayotaka alipwe inasema Tsuma. Kwa macho ya anayelipa, huyo anayedai na huyo mwenye akaunti ni watu wawili.

Kosa hili hutokea kwa urahisi kwa sababu siku zote mambo huonekana yanakwenda sawa. Nambari ya kitambulisho haibadiliki mtu anapoolewa, na pini yake vilevile. Ni ile ile herufi A, tarakimu tisa, na herufi ya mwisho. Mwajiri wa Rehema anapokata PAYE na kuipeleka kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, anaipeleka kwa pini, na pesa zinaangukia mahali pake hata kama jina kwenye orodha ya mishahara ni la zamani. Rehema naye anaingia kwenye iTax kwa pini, anajaza, anatuma, anapata risiti. Anaweza kukaa miaka mitano hivi bila mtu kumuuliza neno. Jina linaanza kuangaliwa siku pesa zinapogeuza njia, zikitoka serikalini kuja kwake. Hapo nambari peke yake haitoshi, kwa sababu benki inapokea pesa kwa jina la mwenye akaunti.

Hizo elfu tisa zilitoka wapi? Rehema ana bima ya maisha anayoilipia 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Sheria ya Kenya inampa nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, mradi isipite 60,000 kwa mwaka. Asilimia 15 ya 60,000 ni 9,000. Mwajiri wake hakuihesabu nafuu hiyo alipokuwa akikata ushuru kila mwezi, kwa hiyo Rehema alikatwa zaidi ya ilivyopasa. Alipoijaza bima kwenye ritani, hesabu ikaonyesha ziada hiyo.

Sasa tazama fomu yenyewe. Katika ukurasa wa kwanza wa ritani ya mtu binafsi, ile iitwayo IT1, kuna sehemu iliyoandikwa `Bank Details`. Wengi wanaipita mbio wakikimbilia hesabu. Humo unaandika benki, tawi, nambari ya akaunti, na jina la mwenye akaunti. Rehema aliandika Tsuma, na hakudanganya, kwa sababu ndilo jina lililoko benki. Lakini juu yake, kwenye ukurasa huo huo, mtandao ulikuwa umejiandikia jina la mwenye pini: Mwadime. Majina mawili yalikaa mbele ya macho yake kwa nusu saa nzima, na kwa kuwa yote mawili ni yake, hakuona tofauti. Mimi mwenyewe nilipobadilisha jina nilianza na benki, kwa sababu huko ndiko kulikoniuma. Nilitaka kadi mpya kabla ya safari. Mhudumu alinitazama, akatazama karatasi zangu, akasema kwa upole, “Dada, hii ya KRA bado ni ya msichana wa kwenu.” Nilidhani ananitania. Baadaye nikaelewa kwamba aliniambia kitu ambacho kingeniokolea miezi.

Mpango unaofanya kazi unafuata jinsi ofisi zinavyotazamana. Msajili wa ndoa anatoa cheti cha ndoa. Ofisi ya usajili wa watu inakitazama cheti hicho na kutoa kitambulisho. KRA inatazama kitambulisho. Benki inatazama kitambulisho pamoja na cheti cha pini. Ukianza katikati, utaambiwa urudi nyuma, au vibaya zaidi, watakukubalia halafu ukwame mbele.

Kwa kitambulisho unakwenda na kile cha zamani na cheti cha ndoa, katika Kituo cha Huduma au ofisi ya usajili ya eneo lako. Soma fomu mara mbili kabla ya kutia sahihi. Herufi moja ikiongezeka, Mwadime ikawa Mwandime, utaibeba hiyo herufi KRA, benki, na kazini. Kisha kuna jambo linalowachanganya wengi: kupata kadi mkononi hakumaanishi kwamba kila ofisi imekwisha kuliona jina jipya. KRA hailichukui jina kutoka mdomoni mwako. Inaliuliza sajili kuu ya watu inayoitwa IPRS, na kama sajili hiyo bado ina jina la zamani, ombi lako litarudi mikono mitupu ingawa kadi mpya iko kwenye pochi. Dawa yake ni kurudi kwa waliokupa kadi na kuwauliza kama taarifa zimepanda.

Ikishapanda, unaingia iTax, unafungua `Registration`, halafu `Amend PIN Details`, unachagua kujaza fomu papo hapo mtandaoni, na kurekebisha taarifa zako za msingi. Humo humo hakiki barua pepe na nambari ya simu. Wako wanaotumia anwani ya zamani yenye jina la ubikira ambayo nywila yake wameisahau, na huko ndiko KRA inakotuma majibu. Ukituma ombi utapewa risiti ya kupokelewa. Hiyo risiti haimaanishi kwamba umekubaliwa. Afisa bado atalipitia ombi na anaweza kutaka nakala ya cheti cha ndoa na ya kitambulisho. Likikaa mno, peleka risiti pamoja na hati zako kwenye dawati la KRA katika Kituo cha Huduma.

Utajuaje kwamba limekwisha? Chapisha upya cheti cha pini kutoka kwenye ukurasa wako. Usitosheke na ujumbe wa simu. Jina lililochapwa kwenye hicho cheti ndilo jina lako kwa KRA, basi.

Hapa nina onyo ambalo ningetaka kila bibi harusi alisikie. Usikubali mtu wa saiba akuambie kwamba njia ya mkato ni kuchukua pini mpya kwa jina jipya. Mtu mmoja ana pini moja. Makato yako ya miaka yote, ritani zako, na hizo elfu tisa unazodai, vyote vimefungwa kwenye ile ya zamani. Kwa kitambulisho kile kile mtandao utakataa kutoa ya pili. Mtu akikupatia nyingine kwa njia za kuzunguka, utakuwa na nambari mbili, moja ina pesa zako na nyingine ina ritani ambazo hukujaza, na kila ritani isiyojazwa inazaa faini.

Nikitaja faini, kuna jingine. Jina kutolingana si sababu ya kuchelewesha ritani. Tarehe ya mwisho ni 30 Juni, na anayechelewa hutozwa 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kama Juni imekukuta katikati ya mabadiliko, jaza ritani kwa pini yako kama ilivyo, na mahali pa benki weka akaunti ambayo jina lake bado linalingana na cheti cha pini. Ndiyo sababu ningemshauri Rehema asiiguse akaunti ya benki wakati dai lake liko njiani. Kubadili jina katikati ya safari ya pesa ni sawa na kung'oa kibao cha mlango mgeni akiwa amekwisha kuelekezwa.

Kwake yeye maji yamekwisha kumwagika, lakini yanazoleka. Anarekebisha jina kwenye pini, anachapisha cheti kipya, anahakikisha jina la akaunti limeandikwa sawasawa na hicho cheti, herufi kwa herufi, kisha anamwandikia afisa anayeshughulikia dai lake na kumpa cheti cha ndoa. Muda anao, maana ushuru wa mapato uliolipwa kupita kiasi hudaiwa ndani ya miaka mitano tangu ulipolipwa. Akumbuke pia kuangalia kama ana deni lolote la ushuru, kwa kuwa KRA ina haki ya kulikata kutoka kwenye pesa hizo kabla ya kumpa kilichobaki.

Hayo yote yanamhusu aliyebadilisha jina. Hakuna sheria Kenya inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Kwetu Pwani, Mwislamu aliyezaliwa Zainabu binti Omari huolewa, akazaa, akazeeka, na bado ni binti Omari, na KRA haina neno naye. Hata yule anayeitwa Mama Tsuma kanisani na sokoni hana la kurekebisha, mradi kitambulisho, pini na akaunti vyote bado vinasema Mwadime. Shida inampata aliyebadilisha nusu.

Swali ambalo Rehema ataliuliza mwisho ni kuhusu karatasi za zamani. Fomu ya P9 ya mwaka 2024 inasema Mwadime, na cheti cha bima pia. Je, aende kwa mwajiri aandikiwe nyingine? La. Mwaka 2024 hakukuwa na Tsuma pale kazini, na P9 ile ni sahihi kama ilivyo. Kinachoiunganisha na jina jipya ni pini iliyochapwa juu yake pamoja na cheti cha ndoa. Kwa miaka inayokuja ndipo ampelekee mwajiri cheti kipya cha pini, na aiandikie kampuni ya bima kwamba mwenye bima sasa anaitwa Tsuma. Hii ya bima watu huisahau kwa sababu malipo yanakatwa yenyewe kila mwezi bila kelele. Lakini cheti cha bima cha mwaka ujao ndicho atakachokiambatisha anapodai elfu tisa nyingine.