Dakika Kumi na Tano za Kuomba kwa Barua Pepe

Mtoto mwenye uoni hafifu anayefanya mtihani wa darasa la saba nchini Tanzania haombi muda wa ziada yeye mwenyewe. Shule hupeleka taarifa zake, na Baraza la Mitihani humwongezea dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Miaka ikipita, mtoto yuleyule sasa ni muuguzi anayetaka kusoma Uingereza, na chuo kinamtaka alete matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza. Hapo hana tena mwalimu mkuu wa kumsemea. Muda wa ziada upo, lakini hupewa aliyeuomba, na maombi yenyewe ni barua pepe anayoiandika mtahiniwa kwenda kwenye kituo cha mtihani.

Tumchukue muuguzi huyo awe mfano wetu. Ana ualbino, na kama ilivyo kwa wengi wenye hali hiyo, mboni zake huchezacheza zenyewe na mwanga mkali humuumiza. Anasoma, tena vizuri, ila polepole. Sehemu ya Kusoma katika IELTS ina maswali 40 kwa dakika 60, na matini zake ni ndefu. Akili yake haina tatizo na maswali hayo. Saa ndiyo inayomshinda.

Watu wengi wakikaa kuandika maombi ya namna hii huandika barua ya kuomba msaada. Wanaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", wanapita kwenye maisha magumu ya utotoni, na mwishoni kabisa wanasema "naomba mnifikirie". Anayeisoma kituoni anaweza kuguswa, lakini hana la kufanya. Yeye anatafuta mambo machache: mtihani gani, tarehe gani, hali gani, inamzuia kufanya nini, anataka nini hasa, na nani anathibitisha. Barua ya muuguzi wetu ataituma kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

*Kuh: Maombi ya muda wa ziada na maandishi makubwa, IELTS Academic, 14 Novemba*

*Kwa Meneja wa Mitihani,*

*Ninakusudia kufanya mtihani wa IELTS Academic kituoni kwenu Jumamosi, tarehe 14 Novemba. Sijalipia bado, ninasubiri kwanza majibu ya maombi haya.*

*Nina ualbino unaoambatana na uoni hafifu. Nikivaa miwani uwezo wangu wa kuona ni 6/36, na macho yangu huchezacheza bila hiari. Maandishi ya kawaida ninaweza kuyasoma, lakini ninapoteza mstari mara kwa mara na hulazimika kurudia, hivyo kusoma kwangu huchukua muda mrefu zaidi.*

*Ninaomba asilimia 25 ya muda wa ziada katika Kusoma na Kuandika, yaani dakika 75 badala ya 60 kwa kila sehemu. Ninaomba pia maswali yawe kwa herufi za ukubwa wa 18, pamoja na kadi ya mada ya sehemu ya Kuzungumza, na kiti kilicho mbali na dirisha. Kwa sehemu ya Kusikiliza, tafadhali nielezeni muda wa ziada hutolewaje.*

*Nimeambatanisha ripoti ya daktari wa macho. Ninaomba mnithibitishie kwa maandishi mambo mliyoyakubali.*

Haina hata neno moja la kusikitisha, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kila ombi limefungwa kwenye jambo linalotokea ndani ya chumba cha mtihani. Ameomba dakika 15 kwa saa, kiwango ambacho vituo vya mitihani ya kimataifa vimekizoea, wala hakunakili zile 10 au 20 za shuleni. Akitaka zaidi ya asilimia 25, ripoti ya daktari lazima ieleze kwa nini robo haitoshi.

Swali lake kuhusu Kusikiliza halikuwekwa kwa adabu tu. Sauti iliyorekodiwa husikika mara moja, na muda wa ziada haufanyi msemaji aongee taratibu. Kama dakika zote za nyongeza zinakuja mwishoni, hazimsaidii mtu ambaye alikuwa bado anatafuta swali la tatu wakati msemaji amefika la sita. Mtahiniwa wa namna hii anahitaji mapumziko kati ya vipande ili asome maswali yanayofuata. Jambo hili hulijui mpaka uulize. Kadi ya Kuzungumza nayo husahaulika: mtahiniwa hupewa dakika moja tu ya kuisoma na kujiandaa, na herufi ndogo zinaweza kuila dakika hiyo yote.

Vituo vingi sasa hufanyisha mtihani huu kwa kompyuta, ambako maandishi yanaweza kukuzwa. Wapo wanaodhani hapo haja ya muda imekwisha. Sivyo. Ukikuza maandishi, skrini hubeba mistari michache, na mtu hushinda akipandisha na kushusha ukurasa. Kwa hiyo maombi ya muda yabaki palepale, na barua itaje skrini kubwa badala ya karatasi.

Sasa ripoti ya daktari, ambapo maombi mengi hukwama. Hospitali zetu zimezoea kuandika mstari mmoja: "Mgonjwa ana ualbino, anaona 6/36." Maana yake ni kwamba anachokiona akiwa mita 6, mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 36. Ni kweli, lakini kipimo hicho ni cha kuona mbali, na mtihani unasomwa karibu. Mwombe daktari apime usomaji wa karibu, ataje ukubwa wa herufi unazozimudu, aeleze jinsi hali hiyo inavyopunguza kasi ya kusoma, na apendekeze waziwazi asilimia 25. Ripoti iwe ya karibuni, kwa Kiingereza, yenye saini na muhuri. Barua ikisema herufi 18 na ripoti ikanyamaza, kituo kitafuata ripoti.

Kisha kalenda. Mwongozo wa IELTS umekuwa ukitaka kituo kiarifiwe wiki 6 kabla kwa muda wa ziada, na miezi 3 kabla kwa toleo lililobadilishwa kama la maandishi makubwa au nukta nundu, kwa sababu toleo hilo lazima liagizwe. Kwa mtihani wa 14 Novemba, muuguzi wetu angeomba muda peke yake, barua ingetosha kufika tarehe 3 Oktoba. Kwa kuwa anataka na herufi kubwa, mwisho wake ni 14 Agosti. Tena asitume siku hiyohiyo, maana kituo kinaweza kurudisha ripoti kwa marekebisho na foleni ya daktari anaijua. Anayefanya TOEFL aangalie zaidi: huko maombi hukubaliwa kwanza, ndipo tarehe ichukuliwe.

Jibu la kwanza mara nyingi husema "tumepokea". Hilo si kibali. Kibali ni barua inayotaja dakika, ukubwa wa herufi na sehemu za mtihani. Ikisema "maombi yako yamekubaliwa" bila kutaja hayo, andika tena siku hiyohiyo uulize yepi. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na uulize ni ushahidi gani unaopungua. Mara nyingi kinachokosekana ni sentensi moja ya daktari.

Ukikipata kibali hicho, kichapishe uende nacho. Msimamizi wa siku ya mtihani huenda si yule aliyekujibu, na saa iliyo ukutani haijui makubaliano yenu. Mwonyeshe kabla mtihani haujaanza, na msikilizane utamaliza saa ngapi kila sehemu. Karatasi zikishakusanywa, dakika 15 hizo hakuna wa kukurudishia.