Wakia Moja kwa Shilingi 250

Mwaka 1966, Tanzania, Uganda na Kenya zilipoanza kutoa kila moja shilingi yake, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kumi na nne. Bei hiyo haikupatikana sokoni. Ilitokana na hesabu ya kugawanya, na kila tarakimu iliyoingia katika hesabu hiyo iliwekwa na sheria au mkataba.

Tuifuate. Tangu 1921 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilibadilisha shilingi 20 kwa pauni moja ya Kiingereza. Pauni nayo, tangu Septemba 1949, ilikuwa na thamani ya dola 2.80. Ukigawanya 20 kwa 2.80 unapata 7.14 na kidogo. Dola ilifungwa kwenye dhahabu: dola 35 kwa wakia, ambayo ni gramu 31.1. Kwa hiyo wakia moja ya dhahabu ilikuwa sawa na shilingi 250 kamili, na shilingi moja ilibeba kama gramu 0.124 za dhahabu, angalau kwenye karatasi. Mkulima wa kahawa wa Moshi hakuweza kwenda benki kudai dhahabu hiyo. Aliyeweza kubadilisha dola kwa dhahabu huko Marekani alikuwa serikali ya kigeni au benki kuu yake.

Kabla ya 1914 mambo yalikuwa wazi zaidi, kwa kuwa dhahabu yenyewe ndiyo iliyokuwa fedha. Sarafu ya pauni ilikuwa na gramu 7.32 za dhahabu safi, na dola ilikuwa na gramu 1.50 hivi. Pauni ilikuwa dola 4.87 kasoro kidogo kwa sababu ilikuwa na dhahabu mara hizo zaidi, na kwa sababu hiyo tu. Bei ikipanda mbali na hapo, mfanyabiashara wa New York mwenye deni London aliona ni nafuu kununua dhahabu, kulipa nauli ya meli na bima, na kuipeleka yeye mwenyewe. Kwa hiyo bei haikusogea zaidi ya gharama ya kusafirisha, nayo ilikuwa senti chache kwa kila pauni.

Gharama halisi ya utaratibu huo ilibebwa na watu wengine. Nchi iliyopoteza dhahabu ililazimika kupandisha riba na kubana mikopo mpaka bei na mishahara vishuke. Uingereza iliporudi kwenye bei ya zamani mwaka 1925, baada ya vita kupandisha bei zake, bidhaa zake zilikuwa ghali mno duniani na wachimba makaa waliambiwa wakubali mishahara midogo. Nchi ilivumilia miaka sita. Tarehe 21 Septemba 1931 iliachana na dhahabu, pauni ikaanguka, na shilingi yetu iliyofungwa kwenye pauni ikaanguka nayo bila mtu wa Nairobi wala Dar es Salaam kuulizwa.

Wajumbe wa nchi 44 waliokutana Bretton Woods, Marekani, Julai 1944, walitaka uthabiti wa dhahabu pasipo ukatili wake. Dola ingeshikilia dhahabu kwa bei ya 35, na sarafu nyingine zingeishikilia dola. Kila nchi ilitangaza kiwango chake kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na soko liliruhusiwa kuyumba asilimia moja tu juu au chini yake. Nchi iliyolemewa kabisa ingeweza kushusha thamani ya sarafu yake kwa makubaliano na Shirika hilo.

Tuone jinsi kiwango kilivyolindwa, kwa kuwa hapo ndipo udhaifu ulipojificha. Pauni ya dola 2.80 iliruhusiwa kucheza kati ya 2.78 na 2.82. Watu wakiuza pauni nyingi mpaka ikafika 2.78, Benki Kuu ya Uingereza iliingia sokoni kuzinunua kwa dola zake za akiba. Ilipaswa kununua kila pauni iliyoletwa. Mwaka 1967 Uingereza ilinunua nje kuliko ilivyouza. Vita vya Mashariki ya Kati vya mwezi Juni vilifunga Mfereji wa Suez, na vuli hiyo migomo ya bandarini London na Liverpool ilizuia bidhaa za kuuza nje. Kila mwenye pauni alifanya hesabu rahisi: nikiuza leo kwa 2.78 na thamani isishuke, nimepoteza kiasi kidogo sana. Ikishuka, nimeokoa sehemu kubwa ya mali yangu. Kamari ambayo hasara yake ni ndogo na faida yake ni kubwa huvutia wengi, na wingi wao ndio uliomaliza akiba. Jumamosi usiku, tarehe 18 Novemba, pauni ilishushwa hadi dola 2.40.

Safari hii Tanzania, Kenya na Uganda hazikuifuata. Zilibaki na dola kwa 7.14, na pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Bidhaa za Uingereza zilikuwa nafuu kwetu, lakini aliyekuwa amepatana kuuza mkonge London kwa pauni 1,000 alipata shilingi 17,143 badala ya 20,000, ilhali vibarua shambani aliwalipa kwa shilingi zilezile. Akiba iliyokuwa imewekwa kwa pauni ilipungua usiku mmoja. Hata hivyo naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa sababu kwa mara ya kwanza thamani ya shilingi katika dhahabu iliamuliwa hapa.

Baada ya pauni, macho yaligeukia dola. Mwaka 1960 mchumi Robert Triffin alikuwa ameshaonyesha tatizo. Biashara ya dunia ilihitaji dola zaidi kila mwaka, na njia ya kuzipata ilikuwa Marekani kutoa nje fedha nyingi kuliko ilizoingiza. Lakini kila dola iliyotoka ilikuwa dai jipya juu ya dhahabu ileile. Ni kama mwenye ghala anayeendelea kuandika stakabadhi wakati magunia hayaongezeki: biashara inakwenda vizuri mpaka wateja wachache waje kudai mahindi yao.

Wateja walikuja. Rais de Gaulle wa Ufaransa aliupinga mfumo huo hadharani Februari 1965, na nchi yake ikabadilisha dola zake kwa dhahabu. Benki kuu za Magharibi zilizoungana kuuza dhahabu London ili bei ibaki karibu na 35 zilishindwa Machi 1968, na kuanzia hapo dhahabu ikawa na bei mbili: moja ya serikali na nyingine ya soko. Hiyo ndiyo dalili ambayo mtu yeyote angeweza kuiona, kwamba bei rasmi haikuaminiwa tena. Vita vya Vietnam na matumizi ya ndani viliendelea kumwaga dola, na kufikia 1971 dhahabu ya Marekani haikufika nusu ya ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Jumapili tarehe 15 Agosti 1971, Rais Nixon alitangaza kwenye televisheni kwamba dola haitabadilishwa tena kwa dhahabu.

Desemba mwaka huo wakubwa walijaribu bei mpya ya dola 38 kwa wakia. Haikudumu, na Machi 1973 sarafu kubwa ziliachwa zielee. Shilingi zetu ziliendelea kufungwa kwa amri ya serikali miaka ishirini zaidi, mpaka Kenya, Uganda na Tanzania zilipoziachia soko mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Siku hizi wapo wanaotaka sarafu irudi kwenye dhahabu ili bei zitulie. Msomaji ukikutana nao, waulize maswali mawili: madai mangapi yataruhusiwa juu ya kila wakia iliyo ghalani, na siku dhahabu itakapoanza kutoka nchini, ni mishahara ya nani itakayopunguzwa ili irudi?