Nyumba ya Wageni ya Paje na Bili ya Wingu

Ilikuwa wiki ya Krismasi, msimu wa wageni umepamba moto, pale mteja wangu mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 9 huko Paje aliponipigia simu. "Fundi, nimelipa mwaka mzima, mbona tovuti haifunguki?" Nikaifungua kwenye simu yangu. Kiooni palikuwa na maneno haya tu:

```
508 Resource Limit Is Reached
```

Tovuti haikuwa imeharibika. Alikuwa kwenye upangishaji wa kawaida, ambapo seva moja hubeba tovuti za wateja wengi, na kila mmoja hupimiwa sehemu yake ya prosesa na kumbukumbu, pamoja na idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Ukifika kikomo, wanaobisha hodi hurudishwa mpaka msongamano upungue. Ndani ya cPanel kuna ukurasa wa `Resource Usage` unaoonyesha ni saa ngapi ulifika huko na kwa sababu ipi. Kwake, kosa lilikuwa kwenye programu ya kupokea wageni: kila ukurasa ulipofunguliwa, ilikokotoa upya kalenda ya vyumba vyote 9. Tuliiwekea kashe, ile kalenda ikawa inakokotolewa mara moja kila dakika 10, na ujumbe haukurudi tena.

Kabla ya hapo mpwa wake alikuwa ameshamshauri ahamie kwenye wingu. Ushauri haukuwa mbaya. Kwenye wingu unakodi seva kwa saa au kwa mwezi, ukizidiwa unaiongeza nguvu kwa dakika chache, msimu ukiisha unaipunguza. Kwa biashara ambayo wateja hufurika siku chache tu kwa mwaka, hilo ni jambo kubwa. Lakini niliketi na mama huyo tukapiga hesabu ya data inayotoka, maana hapo ndipo wengi huumia.

Ukurasa wake una uzito wa MB 3. Ukifunguliwa mara 10,000 kwa mwezi, data inayotoka ni GB 30. Amazon hutoa GB 100 za kwanza za kila mwezi bila malipo, kwa hiyo hapo hadaiwi kitu. Ila alitaka kuweka video ya ufukwe ya MB 50. Ikitazamwa mara 20,000, zinatoka GB 1,000. Toa zile 100 za bure, zinabaki 900, na katika vituo vingi vya Ulaya na Amerika Kaskazini kila GB hutozwa dola 0.09. Jumla ni dola 81 kwa video moja, kwa mwezi mmoja. Unaweza kuweka onyo la bajeti, lakini onyo la kawaida hukuletea barua pepe tu, halifungi bomba, na takwimu za bili huchelewa kwa saa kadhaa. Upangishaji wa kawaida ukizidiwa husimama. Wingu huendelea kufanya kazi na kuhesabu.

Kuna na suala la fundi. Seva tupu ya wingu ni yako kuifunga, kuisasisha na kuilinda, na majaribio ya kuivunja huanza ndani ya saa chache baada ya kuiwasha. Tena watoa huduma kadhaa wa wingu hufunga mlango namba 25 wa kutumia barua pepe, kwa hiyo uthibitisho wa chumba haumfikii mgeni mpaka utumie huduma nyingine ya kutuma. Kwenye upangishaji wa kawaida sanduku la barua limo ndani ya bei.

Njia ya tatu ni kununua seva yako na kuiegesha kwenye kituo cha data, ukilipia nafasi, umeme na intaneti. Nafasi ndogo kabisa kwenye kabati ni `1U`, kimo cha sentimita 4.4 hivi. Mashine ni yako na bili haibadilikabadiliki, lakini diski ikifa usiku, ya kubadilisha ni juu yako. Kwa tovuti moja sioni sababu. Kwa anayeendesha tovuti 40 za wateja, ningemwambia aanze kupiga hesabu.

Popote utakapokaa, nakala ya akiba isilale nyumba moja na tovuti. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVH huko Strasbourg, na waliokuwa na nakala zao humo humo walipoteza vyote viwili.

Mama wa Paje alibaki alipokuwa. Video tuliipeleka YouTube, na kila Jumapili hupakua faili la nakala kwenye diski anayoiweka kabatini, pamoja na daftari la wageni.